Mwanga wa kupakwa kwa mkono: mhunzi anayeinua nyundo

Swali: *Nimetengeneza mhunzi wa gemu yangu ndogo ya Godot: pembetatu kama 1,900, tekscha moja ya 1024, hakuna ramani nyingine zaidi ya rangi. Nilimpaka rangi Krita, kisha nikaweka vivuli kwa nyeusi niliyoififisha, na juu yake `Ambient Occlusion` kutoka Blender. Kwenye Krita anapendeza. Kwenye gemu anaonekana mchafu, kama aliyefukizwa moshi, na akiinua nyundo mkono unaonekana kama umewekwa kinyume. Nikipunguza vivuli anakuwa bapa. Nipake vipi?*

Jibu:

Nianze na mkono. Ukishajua kwa nini unaharibika ndipo utajua ni mwanga gani wa kupaka na upi wa kuacha, na uchafu wa rangi ni rahisi kuuondoa baada ya hapo.

Mwanga ulioupaka kwenye ramani ya rangi umeganda juu ya ngozi ya modeli. Mkono ukizunguka, mwanga unazunguka nao. Kwa hiyo kabla ya kila mguso wa brashi jiulize kama hicho unachokipaka kitaendelea kuwa kweli mwili ukijongea. Kivuli cha mahali palipobanana, kama chini ya mkanda, kati ya vidole, kwapani, au pale pindo la aproni linapokutana na suruali, hubaki kweli karibu wakati wote, maana penye mbano mwanga haufiki, mhusika awe amesimama au ameinama. Mwanga wa juu, ule unaofanya mabega na paji la uso viwe na weupe kuliko tumbo na mashavu ya miguu, hubaki kweli kwa sehemu zinazokaa wima muda mwingi: kichwa, kifua, nyonga. Mwanga wa ubavuni haudumu hata kidogo. Mhusika akigeuka upande wa pili tu, jua limehama naye. Hali kadhalika kivuli cha kitu kuangukia kitu kingine kilicho mbali, kwa mfano kivuli cha mkono kifuani. Hivyo viwili viache kabisa.

Sasa mtazame mhunzi wako. Nadhani ulimpaka akiwa amenyoosha mikono pembeni, viganja vikitazama chini. Juu ya mkono uliweka mwanga, chini yake kivuli. Akishusha mikono, upande wenye mwanga unakuwa wa nje na wenye kivuli unaelekea mbavuni, na jicho linakubali bila shida, kwa sababu upande wa mbavuni kweli hupata mwanga mchache. Ndiyo maana hukuona kosa alipokuwa amesimama. Lakini akiinua nyundo juu ya kichwa, ule upande uliokuwa chini unageukia nje, kwenye mwanga wote, ukiwa mweusi, na upande uliong'aa unakaa karibu na sikio. Mtazamaji hatasema kwamba mwanga umekosewa. Atahisi kwamba mkono umepindwa, na hicho ndicho ulichokiona.

Dawa yake ni kuupunguza mwanga wa juu kadiri kiungo kinavyozunguka. Kichwa na kiwiliwili vipate mwanga kamili. Mkono wa juu, kutoka begani hadi kiwikoni, nusu. Kigasha na kiganja, robo tu. Miguu ya mhunzi haizunguki sana, kwa hiyo mapaja yanaweza kupata robo tatu. Pale ulipoondoa mwanga wa juu mkononi weka badala yake mpito wa urefu: bega lina weupe kidogo, kiganja kina giza kidogo, na rangi inashuka taratibu kati yao. Mpito huo unaendelea kuonekana sawa mkono ukielekea popote, kwa sababu hauna upande.

Nyundo ni kisa cha mwisho kabisa cha kanuni hiyo. Inazunguka duara zima, basi isipate mwanga wa juu hata kidogo. Ipake kingo zenye weupe pande zote sawasawa, kivuli cha mbano pale mpini unapoingia kwenye kichwa cha nyundo, na mpito mmoja kutoka kichwani, penye weupe, kushuka mpinini. Inatosha.

## Kupata msingi wa mwanga

Unaweza kupaka mpito wote kwa mkono, lakini kwenye modeli iliyofunguliwa vipande vipande ni kazi ya kubahatisha, maana hujui kila pikseli inatazama wapi. Afadhali Blender ikuhesabie msingi kisha wewe upake juu yake. Usitumie taa. Tumia mwelekeo wa uso wenyewe. Kwenye nodi za materiali chukua `Normal` kutoka `Texture Coordinate`, ipeleke kwenye `Separate XYZ`, ufanye hesabu hii kwa nodi za `Math`, na jibu lake liingie `Emission`:

```
mwanga = 0.5 + 0.5 * (0.7 * Z - 0.3 * Y)
```

Kwenye Blender Z ni juu, na mhusika kwa kawaida hutazama upande wa Y hasi, ndiyo sababu ya alama ya kutoa. Uso unaotazama juu kabisa unapata 0.85, unaotazama chini 0.15, wa mbele 0.65, wa mgongoni 0.35, na wa ubavuni unabaki 0.5. X haimo kwenye hesabu kwa makusudi: kulia na kushoto lazima vilingane. Hilo si suala la sura peke yake. Kama vipande vya UV vya upande mmoja vimekaa juu ya vya upande wa pili, nao ni mtindo wa kawaida kwa mhusika wa 1024, mwanga wa ubavuni ungejiakisi na uso ungekuwa na jua mbili.

Chagua Cycles, aina ya `Emit`, kisha `Bake` kwenye picha uliyoiwekea `Non-Color`. Ukiacha `sRGB`, ile 0.5 itahifadhiwa ikiwa na weupe zaidi na hesabu yote itapanda juu. Hakikisha modeli imewekwa `Shade Smooth`, vinginevyo utapata mpaka mkali kwenye kila poligoni badala ya mpito laini. Na kama unatumia `Mirror`, fungua sehemu ya `Data` ya modifaya hiyo, uweke `Offset U` ya 1. Upande wa pili utatoka nje ya picha wakati wa kuandika lakini utaonekana mahali pake, na pande mbili hazitagombania pikseli zilezile.

Picha ya kijivu uliyoipata ilete Krita. Juu ya kipande cha kigasha weka tabaka la kijivu cha 128 kwa `Opacity` ya asilimia 75, juu ya mkono wa juu asilimia 50, juu ya nyundo asilimia 100. Lainisha mpaka wa kiwikoni kwa brashi laini. Hapo ile kanuni ya nusu na robo imeshakuwa picha, na hujapaka rangi hata moja.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio ambalo wengi huliacha hadi mwisho: mvalishe mhunzi picha hiyo ya kijivu peke yake, umchezeshe akipiga nyundo, na usimamishe kwenye fremu ambayo mkono uko juu kabisa. Kama bega na kigasha vinaonekana ni vya mtu mmoja, endelea. Kama mkono bado unaonekana umepinduka, ongeza kijivu. Kosa la mwanga huonekana vizuri zaidi pasipo rangi, na kulirekebisha hapa ni kuburuta kitelezi kimoja, wakati baadaye utalazimika kupaka upya mkono mzima.

## Moshi unatoka wapi

Ukichanganya rangi na nyeusi, au ukiizidisha kwa kijivu kupitia `Multiply`, namba za H, yaani aina ya rangi, na S, yaani ukolevu, kwenye kichagua rangi hubaki palepale. V, yaani weupe, peke yake hushuka. Ngozi, ngozi ya mnyama ya aproni, shaba ya mkanda, vyote vinashuka kwa njia moja na kijivu kilekile, na tokeo ni mhusika aliyefunikwa vumbi moja mwili mzima. Kivuli halisi hakiko hivyo. Mahali pasipofikiwa na taa kuu bado panapokea mwanga wa anga na ule uliodunda kutoka vitu vya karibu, na mwanga huo una rangi yake. Kwa hiyo kivuli lazima kibadilishe rangi na si kupoteza weupe tu.

Tuchukue ngozi ya mhunzi wako. Tuseme rangi yake ya kati ni kahawia yenye H 20, S 58, V 58. Kivuli chake usikishushe wima. Kipeleke kwenye wekundu: H 8, S 62, V 38. Penye mbano, kama kwapani, endelea hadi kwenye zambarau ya divai: H 345, S 55, V 24. Upande wa mwanga uelekee manjano huku ukolevu ukipungua: H 27, S 48, V 74. Tazama jinsi namba zote tatu zinavyosogea pamoja. Weupe ukipanda, rangi inaelekea manjano, na ukishuka, inaelekea zambarau kupitia nyekundu.

Kituo cha nyekundu katikati ya njia hiyo ndicho kinachoipa ngozi uhai. Mpaka wa mwanga na kivuli juu ya ngozi huwa na wekundu kuliko pande zote mbili, kwa kuwa mwanga huingia kidogo ndani ya ngozi na kutoka ukiwa mwekundu. Usipokiweka, mtu anaonekana wa udongo. Ukikizidisha anaonekana ameungua, basi pandisha S kwa pointi chache tu mahali pembamba penye mpito.

Namna ya kuifanya haraka ni kichujio cha `Gradient Map` cha Krita. Tengeneza mpito wa rangi kutoka kivuli kupitia rangi ya kati hadi mwanga, uuweke juu ya ile picha ya kijivu, ukiufungia kwenye vipande vya ngozi tu. Kijivu cha 0.15 kinakuwa rangi ya kivuli, 0.5 rangi ya kati, 0.85 rangi ya mwanga. Aproni ipate mpito wake mwingine, suruali wake, na kadhalika. Dakika chache tu na mhusika mzima ana mwanga ambao kila materiali imeutafsiri kwa rangi yake.

Kisha hiyo `Ambient Occlusion`. Usiitupe, inakuonyesha mibano vizuri, ila usiiweke ikiwa ya kijivu. Ipitishe nayo kwenye `Gradient Map`: mwisho mweupe ubaki mweupe kabisa, mwisho mweusi uwe divai iliyokolea, na tabaka libaki `Multiply` kwa `Opacity` ya asilimia 50 hivi. Halafu ichunguze kwa jicho lako na ufute. Blender haijui kwamba aproni itapeperuka, kwa hiyo imeyatia giza mapaja yote yaliyo nyuma yake, na mhunzi akipiga hatua, giza hilo litatokeza hadharani. Acha ukanda mwembamba chini ya pindo, futa kilichobaki. Kwapani nako punguza, kwa sababu mkono ukiinuliwa kwapa linafunguka.

## Aproni, shaba na chuma

Hakuna ramani ya mng'ao, kwa hiyo rangi peke yake ndiyo itakayosema hiki ni chuma na kile ni ngozi ya mnyama. Kinachovitofautisha ni umbali kati ya weusi na weupe, na ukali wa mpaka kati yake, kuliko rangi yenyewe.

Aproni ina mpito mpana na mzito. Weupe wake wa juu kabisa haufiki mbali na rangi ya kati, na hauna mpaka mkali popote. Kinachoitambulisha ni kingo zilizochakaa. Pindo na mikunjo hupauka kwa kusuguliwa, basi pitisha brashi ngumu yenye rangi iliyopauka kidogo kwenye kingo, ukiikata hapa na pale. Mstari mmoja usiokatika kuzunguka aproni nzima unaifanya ionekane ya plastiki.

Kichwa cha nyundo kinaenda kinyume chake. Chuma hukaa na giza karibu kote, kisha ghafla weupe mkali unaopakana na giza kuliko kote, bila mpito kati yake. Milia miwili au mitatu ya aina hiyo kwenye upande mmoja, mmoja mpana na mingine myembamba, inatosha. Lakini mng'ao wa kweli huhama kamera ikihama, na wa kwako hautahama, kwa hiyo uufungamanishe na umbo: kwenye kingo, kwenye pembe, kwenye mashimo yaliyogongwa. Hapo jicho halishangai kuuona mahali pale pale. Mng'ao katikati ya uso ulio bapa ndio unaojulikana upesi kwamba ni rangi.

Ngozi ya mhunzi ikiwa nyeusi au kahawia iliyokolea, nayo inategemea mng'ao kuliko ngozi nyeupe inavyoutegemea, kwa sababu tofauti kati ya mwanga na kivuli cha kawaida ni ndogo na umbo linasomeka zaidi kwa pale panapong'aa. Tia alama ndogo kwenye paji la uso, mgongo wa pua, ncha ya bega na vifundo vya vidole, kwa rangi iliyofifia kama H 35, S 25, V 88. Usitie kwenye msuli wa kigasha hata kama unakuvutia. Kigasha kinazunguka.

## Kwa nini anakuwa bapa ukipunguza vivuli

Nadhani vivuli vyako vilikuwa vinafanya kazi mbili: kuonyesha umbo na kutenganisha vitu. Ulipovipunguza, vyote viwili vilipungua pamoja. Utenganishaji uwe kazi ya rangi za kati zenyewe, kabla ya mwanga wowote. Weka juu ya kazi yako tabaka la kichujio cha `Desaturate` uone mhunzi akiwa kijivu. Ikiwa mkono ulio wazi na aproni vina kijivu kimoja, hakuna kivuli kitakachoviokoa. Shusha V ya aproni mpaka mkono uonekane wazi ukiwa mbele yake, kwa sababu mhunzi anapofanya kazi mikono yake iko mbele ya aproni muda wote. Mimi ningepanga hivi: uso na mikono ndivyo vyeupe kuliko vyote, aproni ndiyo yenye giza kuliko vyote, suruali katikati, viatu karibu na aproni. Kisha juu ya mwili mzima mpito mmoja mwepesi, kutoka kichwani hadi miguuni, unaoshusha weupe kwa asilimia 15 hivi ukifika kwenye viatu. Mpito huo unalivuta jicho kwenda usoni na unamkalisha mhusika ardhini.

Jaribio la pili ni la ukubwa. Jua mhunzi wako atakuwa na urefu wa pikseli ngapi kwenye skrini ya gemu. Kama ni 150, mtazame kwa 150 kila baada ya muda mfupi, si mwisho wa kazi. Kwa umbali huo kadi ya michoro inatumia nakala ndogo ya tekscha, na nyuzi za kitambaa ulizozipaka kwa pikseli mbilimbili zinayeyuka kuwa rangi moja ya wastani. Kama nyuzi hizo zilikuwa nyeusi juu ya kahawia, wastani wake ni kahawia chafu, na sehemu ya moshi unaoulalamikia huenda inatoka hapa. Maelezo madogo yawe na tofauti ndogo. Tofauti kubwa zihifadhiwe kwa maumbo makubwa: taya dhidi ya shingo, aproni dhidi ya mkono.

Uso ndio mahali pekee ambapo ningekiuka kanuni hiyo. Pembetatu zake ni chache, pua yake huenda ni kabari tu, na rangi lazima ifanye ambacho umbo halikufanya. Tia kivuli ndani ya tundu la jicho chini ya nyusi, giza dogo chini ya pua, mdomo wa juu uwe na giza kuliko wa chini kwa sababu unatazama chini, na kivuli laini chini ya taya kinachomalizikia nusu ya shingo. Kivuli hicho cha taya usikipe mpaka mkali, kichwa kinageuka. Ukiweza, kipe kipande cha uso nafasi kubwa ya UV kuliko haki yake, hata mara moja na nusu ya sehemu nyingine, na nafasi hiyo uichukue kwenye nyayo na mgongo.

Kuhusu mishono nitasema machache. Paka rangi ipite ukingo wa kila kipande kwa pikseli 8 kwenye tekscha ya 1024, ili tekscha ikipunguzwa kwa nusu mara tatu, hadi 128, ibaki pikseli moja ya ziada na mstari wa rangi ya nyuma usijitokeze. Kisha pitia mishono ukiwa kwenye `Texture Paint` ya Blender, juu ya modeli yenyewe, kwa sababu kwenye picha bapa huwezi kujua kama weupe wa upande huu wa mshono umekutana na weupe wa upande ule.

## Ndani ya Godot

Kama materiali yako bado inapokea taa, mhunzi anamulikwa mara mbili: mwanga ulioupaka, kisha mwanga wa gemu juu yake. Kivuli juu ya kivuli. Hicho ni chanzo kingine cha uchafu, na huenda ndicho kikubwa kuliko vyote. Kwenye `StandardMaterial3D` badili `Shading Mode` iwe `Unshaded`, na kwenye `Environment` acha `Tonemap` kwenye `Linear`, kwa kuwa aina nyingine zinabadilisha rangi ulizozichagua. Blender nayo ina mtego kama huo: tangu toleo la 4.0, `View Transform` huanza ikiwa `AgX`, nayo hupausha rangi. Iweke `Standard` na utumie `Emission` unapokagua, ndipo utaona kilekile ulichokipaka.

Gharama ya `Unshaded` ni kwamba mhunzi hatajua kama ameingia kwenye chumba chenye giza. Atang'aa humo kama yuko nje. Badala ya kurudisha taa, mpe rangi ya mazingira inayozidisha tekscha yote:

```
shader_type spatial;
render_mode unshaded;
uniform sampler2D ramani : source_color, filter_linear_mipmap;
uniform vec4 mazingira : source_color = vec4(1.0);

void fragment() {
    ALBEDO = texture(ramani, UV).rgb * mazingira.rgb;
}
```

Akiwa nje `mazingira` ni nyeupe. Akiingia ndani ibadilishe taratibu, kwa nusu sekunde hivi, iwe bluu iliyofifia, na mbele ya tanuri iwe chungwa. Mwanga na kivuli ulivyovipaka vinashuka pamoja na umbo halipotei.

Njia hii haiwezi kumulika upande mmoja wa mwili. Ikiwa kwenye gemu yako tanuri lazima limulike ubavu wake wa kulia tu, itabidi materiali ipokee taa, na hapo rudi kwenye ile picha ya kijivu uipunguze yote kwa nusu kuelekea 0.5 kabla ya kuipitisha tena kwenye `Gradient Map`. Mibano iache kama ilivyo. Kwa sababu umeweka kijivu na rangi kwenye matabaka tofauti, ni badiliko la tabaka moja, na uso na kingo ulizozipaka kwa mkono juu yake hazitaguswa.